Sikwensi za shingoni zinapukutika

"Nimedarizi gauni la sendofu hapa Moshi, sikwensi za shingoni zinapukutika mstari mzima. Nifanyeje?"

Pole dada. Geuza gauni uangalie ndani: ukiona uzi mmoja umepita kote bila fundo, tatizo ni hilo, ukikatika sehemu moja zote zinafuata. Fumua, tumia uzi wa poliesta, shona kila sikwensi kwa kurudi nyuma, na kila baada ya 5 piga fundo dogo kwa ndani. Anzia sentimita 2 chini ya ukingo; ukingoni weka mshono wa mnyororo tu, maana hapo ndipo mkufu hunasa. Ukimaliza usizipige pasi kwa juu; mimi zangu nilizipiga, zikajikunja kama maganda. Kama ni shifoni na imeanza kuchanika, mwone fundi wa darizi kabla hujafumua.