Laini ya Nakuru ni ipi hapo?

Swali hilo niliulizwa kwenye mazoezi ya kutetea tasnifu hapa Kisumu, na mwalimu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Sikuweza kumjibu. Niligeuka kuangalia ukutani, na mimi mwenyewe niliyeichora chati ile sikuiona laini ya Nakuru.

Utafiti wangu ulihusu bei ya omena katika miji sita: Kisumu, Luanda, Kakamega, Bungoma, Eldoret na Nakuru, kila mwezi kwa miaka miwili. Uvuvi wa omena upande wetu wa Ziwa Victoria hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, nami nilitaka kuonyesha bei inavyosafiri kutoka ufuoni kwenda bara. Kwenye Excel nilikuwa nimeivuta chati ikajaa skrini nzima, nikaiona nzuri. Kisha nikaibandika kama picha, chati nne kwenye slaidi moja. Excel huandika majina ya mhimili kwa pointi 9. Picha ikipunguzwa nusu, pointi 9 inakuwa nne na nusu. Hayo si maandishi tena, ni vumbi.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo tangu hapo naitumia kila mara. Turubai ya projekta ya chumba chetu ina upana wa kama mita 2, na kiti cha nyuma kiko mita 8 kutoka hapo, yaani mara nne ya upana wa picha. Laptopu yangu ya inchi 15.6 ina skrini yenye upana wa sentimita 34 hivi. Mara nne yake ni mita 1.36. Basi fungua slaidi ijae skrini, rudi nyuma hatua mbili hivi, usome. Unachokiona hapo ndicho mtahini wa nyuma atakachokiona, tena wewe huna jua linalopenya kwenye pazia. Kwa umbali huo, pointi 24 huonekana kama pointi 7 kwenye karatasi uliyoishika sentimita 40 kutoka machoni: ndogo, lakini inasomeka. Pointi 18 huwa kama 5. Ndiyo maana siku hizi sishuki chini ya 24, hata kwenye namba za mhimili.

Kukuza maandishi peke yake hakukuiokoa chati, kwa sababu laini sita za rangi sita bado zilikuwa zimesokotana kama uzi wa nyavu. Ilibidi nijiulize slaidi hii inasema nini. Ilikuwa inasema jambo moja tu: bei ya Nakuru hupanda baada ya ile ya Kisumu, si pamoja nayo. Kwa hiyo Kisumu nikaipa buluu iliyokoza, Nakuru rangi ya chungwa, zote mbili nene, na ile miji minne nikaiacha iwe kijivu chembamba. Sikuifuta, maana mtahini akiona umeficha data, utaulizwa hadi jioni. Ufunguo wa pembeni niliuondoa, nikaandika jina la mji mwishoni mwa laini yake, kwa rangi ileile. Miezi ya kufungwa uvuvi nikaiwekea kivuli hafifu nyuma ya laini. Manjano na kijani cha majani machanga usiviguse. Projekta iliyochoka huvimeza kabisa.

Badala ya kichwa “Matokeo 3” niliandika sentensi nzima: “Bei ya Nakuru hupanda baada ya ile ya Kisumu”. Aya tatu zilizokuwa chini yake nikazihamishia kwenye maelezo ya msemaji, ninayoyaona mimi peke yangu. Slaidi 41 zikabaki 14. Msimamizi wangu alinung'unika kuhusu mapitio ya maandishi, lakini watahini walikuwa wameshaisoma tasnifu yenyewe, na mimi nina dakika 20 tu.

Kosa moja lilibaki, na ndilo baya zaidi. Mwezi mmoja wa Agosti sikupata bei za Nakuru, nami nilikuwa nimejaza sifuri. Laini ikaporomoka hadi sakafuni, kana kwamba wakazi wa Nakuru waligawiwa omena bure. Zikiwa laini sita hakuna aliyegundua. Ilipobaki moja ya rangi ya chungwa, aibu ilionekana wazi. Acha kisanduku hicho kitupu. Ukichagua `Gaps` kwenye `Hidden and Empty Cells`, laini itakatika pale data ilipokatika.

Chati za miji minne niliziweka baada ya slaidi ya mwisho, kila moja peke yake. Siku ya utetezi, mwalimu yuleyule alikaa kiti kilekile cha nyuma. Safari hii aliuliza, “Kijana, mbona Nakuru imekatika hapo Agosti?”