Hesabu robo kwanza: hamoniki ya ngapi inakaa kwenye bomba la urefu huu?

Swali huja hivi: umepewa urefu wa bomba, frikwensi ya sauti na kasi ya sauti hewani, kisha unaulizwa bomba linavuma kwa hamoniki ya ngapi, yaani frikwensi hiyo ni mara ngapi ya frikwensi ya msingi, ile ya chini kabisa ambayo bomba linavuma. Wanafunzi wengi hukimbilia fomula. Wamekariri mbili, f = nv/2L ya bomba lililo wazi pande zote na f = nv/4L ya bomba lililozibwa upande mmoja, na wakishaingia kwenye chumba cha mtihani zinabadilishana nafasi kichwani. Wewe unayeanza mada hii, ziweke pembeni kwa muda. Anza kwa kuhesabu robo.

Ndani ya bomba, wimbi la sauti linakwenda hadi mwisho, linaakisiwa, na linaporudi linakutana na lile linalokuja. Kwa urefu unaofaa, mawili hayo hujenga wimbi lililosimama. Yako maeneo ambako hewa haisogei kabisa, tunayaita nodi, na yako maeneo ambako hewa inakwenda na kurudi kwa nguvu zaidi kuliko kwingine kote, hayo ni antinodi. Kutoka nodi hadi antinodi iliyo jirani yake ni robo ya urefu wa wimbi. Hilo halibadiliki, bomba liwe la aina gani.

Sasa tazama miisho. Pale palipozibwa, ukuta unaizuia hewa isisogee, kwa hiyo pana nodi. Pale palipo wazi hewa iko huru, kwa hiyo pana antinodi. Bomba lililozibwa upande mmoja linaanza na nodi na kuishia na antinodi: robo moja inatosha. Ukitaka kuongeza wimbi bila kuharibu miisho, lazima uongeze robo mbili kwa pamoja, ukipata tatu, tano, saba. Bomba lililo wazi pande zote linaanza na antinodi na kuishia na antinodi, kwa hiyo robo zake ni mbili, nne, sita. Yaani bomba lililozibwa linakubali idadi ya robo iliyo witiri tu, na lililo wazi linakubali idadi iliyo shufwa tu.

Basi unahitaji hesabu moja kwa mabomba yote mawili. Tafuta urefu wa wimbi, λ = v/f, ugawe kwa nne upate robo, kisha uliza ni robo ngapi zinaenea ndani ya urefu wa bomba. Kwa mkato:

N = 4Lf/v

Tuchukue bomba la 1.25 m, sauti ya 340 Hz, na kasi ya sauti 340 m/s. Urefu wa wimbi ni 1.00 m, robo yake ni 0.25 m, na 1.25 ukigawa kwa 0.25 unapata 5. Tano ni witiri, kwa hiyo bomba hili likizibwa upande mmoja litavuma, na likiwa wazi pande zote halitavuma kwa sauti hiyo. Hamoniki ni ya tano. Ukitaka kuhakikisha, tafuta frikwensi ya msingi ya bomba lililozibwa: 340 gawa kwa 4 × 1.25 ni 68 Hz, na 68 mara 5 ni 340. Kwa lililo wazi, ya msingi ni 136 Hz, na 340 gawa kwa 136 ni 2.5. Hakuna hamoniki ya mbili na nusu, kwa hiyo jibu la bomba lililo wazi ni "hakuna resonansi", na hilo ni jibu halali kabisa. Usilizungushe nambari hadi 2 au 3 kwa sababu tu swali limekuuliza "ya ngapi".

Kusoma N ndiko kunakotenganisha mabomba. Kwa lililozibwa, N yenyewe ndiyo nambari ya hamoniki. Kwa lililo wazi, nambari ya hamoniki ni nusu ya N, kwa sababu hamoniki yake ya kwanza tayari imechukua robo mbili. Ukipata N = 6 kwenye bomba lililo wazi, hiyo ni hamoniki ya tatu.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na si kwa kukosa hesabu. Vitabu vingine huandika bomba lililozibwa kwa f = (2n − 1)v/4L, ili n iweze kuwa 1, 2, 3 bila kuruka. Mwanafunzi anafanya kila kitu sawasawa, anapata n = 3, na anaandika "hamoniki ya tatu". Lakini n hiyo inahesabu mpangilio tu: ya kwanza inayowezekana, ya pili, ya tatu. Hamoniki huitwa kwa mara ngapi frikwensi yake inazidi ile ya msingi, na hapa ni mara 2 × 3 − 1, yaani tano. Swali likiuliza ovatoni, hesabu inabadilika tena, kwani ovatoni ya kwanza ni ile inayofuata baada ya ya msingi. Kwa mfano wetu, wimbi lile lile ni hamoniki ya tano na pia ni ovatoni ya pili. Soma neno lililotumika kwenye swali kabla ya kuandika nambari ya mwisho. Mimi huwaambia wanafunzi walipigie mstari.

Mchoro nao una mtego wake. Tunachora mistari miwili inayopinda ndani ya bomba, inapanuka kwenye antinodi na kukutana kwenye nodi, na mtu anaweza kudhani hewa inapanda na kushuka kuelekea kuta za bomba. Hewa inasogea kwa kufuata urefu wa bomba, mbele na nyuma. Mistari ni grafu ya kiasi inachosogea, na inasaidia kwa sababu unaweza kuhesabu robo kwa macho. Kumbuka pia kwamba palipo na nodi ya msogeo ndipo mgandamizo wa hewa unapobadilika zaidi. Swali likisema maikrofoni ndogo imeingizwa ndani ya bomba na imenasa sauti kubwa mahali fulani, mahali hapo ni nodi ya msogeo, si antinodi, maana maikrofoni ya kawaida inapima mgandamizo.

Aina ya pili ya swali inaficha urefu na aina ya bomba, na kukupa frikwensi zinazofuatana ambazo bomba linavuma. Tuseme ni 500, 700 na 900 Hz, kasi 340 m/s. Tofauti ni 200 Hz. Katika bomba la aina yoyote, kutoka resonansi moja kwenda inayofuata unaongeza robo mbili. Gawa basi frikwensi mojawapo kwa tofauti hiyo: 500/200 = 2.5. Ikitoka namba nzima bomba liko wazi pande zote. Ikitoka na nusu limezibwa upande mmoja. Hapa limezibwa, frikwensi ya msingi ni nusu ya tofauti, 100 Hz, na hamoniki zilizotolewa ni ya tano, ya saba na ya tisa. Urefu ni 340 gawa kwa 400, yaani 0.85 m. Njia hii inategemea neno "zinazofuatana". Kama swali limesema tu "miongoni mwa frikwensi za bomba ni hizi", huenda kuna zilizorukwa katikati, na tofauti haikuambii kitu cha uhakika.

Tofauti hii ya witiri na shufwa inasikika hata kwenye ala. Filimbi ya pembeni ni bomba lililo wazi, na ukiipuliza kwa nguvu zaidi inaruka kwenye hamoniki ya pili, oktava moja juu. Klarineti inafanya kazi kama bomba lililozibwa upande wa mdomo, kwa hiyo inaruka hadi ya tatu, oktava moja na kisha hadi noti ya tano ya ngazi inayofuata.

Sasa hesabu zinapokataa kutoa namba nzima. Kwenye jaribio la mrija uliochovywa majini, uma wa sauti wa 512 Hz unashikwa juu ya mdomo wa mrija na usawa wa maji, ambao ndio mwisho uliozibwa, unashushwa polepole. Tuseme mvumo wa kwanza umesikika hewa ikiwa na urefu wa 15.7 cm, na wa pili ukiwa 48.9 cm. Frikwensi haijabadilika, uma ni ule ule; kilichobadilika ni bomba, ambalo limerefuka hadi 512 Hz ikawa hamoniki yake ya tatu. Kwa kasi ya 340 m/s, N ya kwanza inatoka 0.946 na ya pili 2.946.

Tazama upungufu: ni 0.054 kote kuwili. Huo si uzembe wa kupima. Antinodi haikai sawasawa kwenye mdomo wa bomba, inatokeza nje kidogo, takriban 0.6 ya nusu kipenyo cha mrija. Kwa mrija wenye nusu kipenyo cha 1.5 cm ni 0.9 cm, na ukiongeza 0.9 kwenye vipimo vyote viwili N zinakuwa 1 na 3. Ukiona N inapungukiwa kidogo chini ya namba nzima, na upungufu ni ule ule kwa kila hamoniki ya uma huo, umekutana na sahihisho la mwisho wa bomba. Bomba lililo wazi pande zote lina sahihisho mara mbili.

Ndiyo maana kasi ya sauti inatafutwa kwa kutoa vipimo viwili. Tofauti, 33.2 cm, ni nusu ya wimbi kamili, na sahihisho linajifuta lenyewe: 2 × 0.332 × 512 inatoa 340 m/s. Ukitumia kipimo cha kwanza peke yake, 4 × 0.157 × 512, unapata kama 322 m/s.

Kuzungusha N hadi namba iliyo karibu kunakubalika robo zikiwa chache. Zikiwa nyingi, angalia joto. Kasi ya sauti ni takriban 331 + 0.6T m/s, T ikiwa nyuzi za selsiasi. Bomba lililozibwa la 2.0 m na sauti ya 1000 Hz linatoa N ya 24.2 kwa nyuzi 0, lakini 23.1 kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 0 N iko karibu na shufwa, na bomba halivumi. Kwa nyuzi 25 iko karibu na hamoniki ya 23. Mtunzi wa swali la namna hii lazima akupe kasi au joto, na kama amekupa, itumie hiyo hiyo badala ya 340 uliyoizoea.