Kupima muda wa majibu kwa nakala 40 bila kuhifadhi kila ombi

Swali: Huduma yetu ina nakala 40, na kila moja hukokotoa p99 yake, kisha sisi tunachukua wastani wa zote. Grafu inasoma sekunde 0.128 lakini wateja wanalalamika. Kuhifadhi muda wa kila ombi ni gharama kubwa. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, kosa liko kwenye huo wastani. Tuseme nakala 39 zina p99 ya sekunde 0.08, na moja iliyoelemewa ina sekunde 2: wastani wake ni 0.128 hiyo hiyo unayoiona. Lakini nakala hiyo moja hupokea 2.5% ya maombi yote, na ikiwa zaidi ya nusu ya maombi yake yanapita sekunde 1, basi p99 halisi ya huduma nzima imeshapita sekunde 1. Ukishabaki na p99 40, hakuna hesabu itakayokurudishia ya jumla.

Kinachojumlishika ni idadi. Katika Prometheus, histogramu ya kawaida huhesabu ni maombi mangapi yamekamilika ndani ya kila mpaka wa muda. Kwa mipaka 11 ya kawaida, kila nakala hutoa namba 14 tu kwa kila histogramu, iwe imepokea maombi 250 au 250,000. Jumlisha kwanza, ndipo ukokotoe:

```
histogram_quantile(0.99,
  sum by (le) (rate(http_request_duration_seconds_bucket[5m])))
```

Chukua maombi 10,000 ya nakala zote: 9,860 yamekamilika ndani ya sekunde 1, na yote ndani ya 2.5. Ombi la 9,900 ni la 40 kati ya 140 yaliyoangukia baina ya mipaka hiyo miwili, na kwa kuwa Prometheus huchukulia kwamba hayo 140 yametawanyika sawasawa, jibu ni 1 + 1.5 × 40/140, yaani takriban sekunde 1.43. Hayo ni makadirio. Thamani ya kweli yaweza kuwa popote kati ya 1 na 2.5. Kwa hiyo, kama mmewaahidi wateja sekunde 0.3, wekeni mpaka kwenye 0.3 hasa, maana idadi ya maombi yaliyotimiza ahadi mtaisoma moja kwa moja bila kukadiria. Mimi naiamini namba hiyo kuliko p99 yoyote.

Grafu ikiganda kwenye 10 kamili, p99 imevuka mpaka wa mwisho, na Prometheus inarudisha mpaka huo kwa kuwa haina cha kukadiria zaidi yake. Mipaka nayo sharti ifanane kwenye nakala zote. Mkiibadilisha hatua kwa hatua, mpaka mpya utahesabiwa na baadhi ya nakala tu, na jumla yake yaweza kuwa ndogo kuliko ya mpaka ulio chini yake, jambo lisilowezekana; msiitegemee p99 hadi nakala zote zihame na dakika 5 za `rate` zipite.