Panya asiyetajwa

*Nimeandika hadithi ya mtoto anayepanga vitu vyake kabla ya kulala. Mchoraji ameongeza panya anayeiba soksi, na mimi sikumwandika popote. Nimtaje, au watoto watamwona wenyewe?*

Usimtaje. Mtoto asiyejua kusoma anakupa masikio, macho yake yako kwenye picha. Anayepitwa na panya huwa ni mtu mzima, maana yeye anafuata mistari.

Tazama kitabu cha Pat Hutchins cha mwaka 1968 kuhusu kuku Rosie. Kina maneno 32 tu ya Kiingereza, yote sentensi moja: kuku katoka kutembea, kapita hapa na pale, karudi kula. Mbweha anayemnyemelea hatajwi hata mara moja. Kwenye kurasa mbili za mwanzo wa safari, kuku anakatiza ua, mbweha yuko hewani akimrukia, na reki imelala chini mbele yake. Ukifunua, mpini umemgonga mbweha usoni, na hapo hakuna neno hata moja. Mtoto ameiona reki kabla hujafunua, kwa hiyo anacheka kwa kuwa alijua.

Panya wako anahitaji reki yake. Akitokea tu kwenye kila pembe, umetengeneza mchezo wa kumtafuta panya, hadithi bado. Lazima tuone anachokitaka, na picha moja iandae kitakachotokea kwenye inayofuata. Soksi anazipeleka wapi?

Wadogo wa miaka mitatu hivi humnyooshea kidole na kutaja jina, basi. Kufikia minne au mitano wengi huuliza, "Kwani hamwoni?" Wameshaelewa kwamba wao wanajua jambo asilolijua mhusika, na utamu wote uko hapo. Kwa hiyo mwambie mchoraji: macho ya mtoto wa hadithi yasielekee kwa panya hata mara moja. Akimtazama kisha akaendelea kupanga vitu kama kawaida, wasomaji wako watadai maelezo.

Watakuhesabia pia. Soksi zikiwa tano ukurasa wa sita na panya akachukua mbili, ukurasa wa nane ziwe tatu, na mistari ya soksi iwe ileile. (Mimi niliwahi kupitisha kitabu chenye kosa la namna hii, wahariri watatu hatukuliona, msichana wa miaka minne akaliona.) Na panya asikae kwenye mshono wa kitabu, atamezwa na mkunjo.

Kabla ya kuchapisha, wasomee watoto wachache nakala ya majaribio bila kunyoosha kidole, na andika wanachosema. Wakiuliza "huyu nani?" katikati ya kitabu, panya amechelewa kuingia. Wakikuzuia mkono usifunue, ujue maneno yako ni machache kuliko kazi iliyomo kwenye picha: msomaji anamaliza mstari na kufunua kabla macho ya mtoto hayajafika kwa panya. Tiba yake si kuongeza maneno. Punguza vitu kwenye picha hiyo, au sogeza panya karibu na ukingo wa kufunulia.