UTC na GMT: saa ilivyonidanganya Mwaloni

Watu huniuliza UTC na GMT zina tofauti gani, na mi jibu langu la haraka ni kwamba kama unapanga simu na mtu wa nje andika yoyote tu, Mwanza tuko masaa matatu mbele ya zote mbili. GMT ilianza na jua la Greenwich kule London, UTC inatoka kwenye saa za atomu, na zinapishana chini ya sekunde moja, sasa hapo mpaka uwe mtu wa nyota ndo ikusumbue.

Kwenye kompyuta ndo jina la GMT lilinikomesha. Nilimsetia shangazi kompyuta ya kuandikia dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba, kwenye orodha ya majira ya saa nikaona `Etc/GMT+3`, nikasema si ndo sisi hawa, nikabonyeza nikaondoka zangu. Kumbe kwenye orodha hiyo alama zimegeuzwa! Jumlisha tatu pale maana yake masaa matatu NYUMA ya Greenwich, ni utaratibu wa zamani wa Unix wa kuhesabu magharibi kama jumlisha. Kwa hiyo saa ikawa nyuma masaa sita.

Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu masaa sita ndo tofauti ileile ya saa ya Kiswahili na ya kizungu. Saa tisa mchana skrini inasoma 09:00, shangazi anaona tisa, anaendelea na kazi.

Shida ilijitokeza kwenye tarehe. Gunia lililoingia Jumanne saa kumi na moja alfajiri liliandikwa 23:00 Jumatatu, yani kila kilichoingia kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kinarudi jana, na alfajiri ndo mzigo unapopokelewa. Daftari na kompyuta zikakataana, shangazi akaanza kumkazia macho kijana wa stoo, maskini wa Mungu.

Ukitaka kuhakikisha kwako, kwenye Linux andika:

```
TZ=Etc/GMT+3 date
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date
```

Ya pili ndo yetu. Usichague jina la GMT lenye namba, chagua jina la mji, na kama kumbukumbu zinapita nchi nyingi zihifadhi kwa UTC.

Af usichukulie London ni GMT mwaka mzima, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba wanasogeza saa moja mbele. Kikao cha saa 14:00 ya London, Januari kwetu ni saa kumi na moja jioni, Julai ni saa kumi.

Rekodi za shangazi niliziongezea masaa sita zote, magunia yakarudi Jumanne yake, na kijana nikamwombea radhi mwenyewe maana kosa lilikuwa langu.