Shairi la langoni: kiboko alivyonifundisha kuchagua vina

Ukiambiwa utunge shairi la kuwakaribisha watalii kwenye lango la hifadhi, usianze na wanyama. Nenda kwanza ukasimame pale langoni nusu saa. Utaona gari linaingia, dereva anashuka kwenda kulipa viingilio, na wageni wanabaki wakijinyoosha miguu, wakitafuta choo na kupiga picha ya fuvu la nyati lililowekwa mlangoni. Ubao wako utasomwa katika muda huo, na mtu aliyesimama, ambaye akili yake imeshatangulia ndani. Beti nne anazimaliza. Kumi na mbili atazipiga picha, akijiambia atasoma baadaye, na hatasoma.

Mimi nilipoanza niliandika kumi na mbili. Kila mnyama niliyemjua nilimpa ubeti, hata nungunungu. Lakini urefu haukuwa kosa langu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kwenye mshororo mmoja ambao kwa sheria za ushairi hauna hata doa, na ndio nataka kukuonyesha.

Nilichagua tarbia, yaani mishororo minne kwa kila ubeti, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane. Ni bahari inayozoeleka masikioni, na hata asiyejua jina lake hulisikia pigo lake. Kisha, kwa kutaka sifa, nikaamua shairi zima liwe mtiririko: kina cha kati -na, kina cha mwisho -ni, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipofika kwa kiboko nikaandika hivi:

*Kiboko hula mchana, usiku yumo majini.*

Hesabu mwenyewe. Ki-bo-ko hu-la m-cha-na, nane. U-si-ku yu-mo ma-ji-ni, nane. (M ya "mchana" inabeba mizani yake peke yake, ndiyo maana neno hilo ni tatu; lakini m ya "simba" haihesabiwi, imeshikana na b. Hapo wengi wanaoanza huteleza.) Vina vimekaa, mshororo unaimbika. Niliupenda.

Askari mmoja wa hifadhi, mtu mzima asiyejihusisha na ushairi, aliusoma mara moja akaniuliza: "Mwalimu, huyu kiboko wako umemwona wapi?" Nikamjibu kwamba nimemwona mtoni. "Saa ngapi?" Mchana. "Alikuwa anakula?" Nikanyamaza.

Kiboko hufanya kinyume kabisa cha nilichoandika. Mchana hujizamisha majini kwa sababu ngozi yake, nene vile, hukauka na kuungua upesi akikaa juani. Giza likiingia ndipo hutoka kwenda malishoni, hufuata njia zake zilezile alizozikanyaga miaka, na anaweza kwenda mbali na mto akila majani hadi alfajiri. Hatari yake nchi kavu iko hapo. Akishtuka, kimbilio lake ni maji, na yeyote aliyesimama kati yake na maji yuko njiani mwake. Sasa fikiria mgeni aliyesoma ubao wangu, akaamini kwamba usiku kiboko yumo majini, akatoka hemani saa mbili kwenda kutazama mwezi ukingoni. Mshororo wangu ungempeleka palepale asipotakiwa.

Nikijiuliza ule uongo ulitoka wapi, jibu lilikuwa kwenye kina. Nilikwisha kuandika "mchana" kwa ajili ya -na, na nilihitaji -ni. "Majini" likajileta lenyewe, na "usiku" likaja kuziba pengo la mizani tatu. Mnyama nilikuwa nimeshamsahau, nilikuwa naweka matofali tu. Shairi la mapenzi laweza kuvumilia hilo, maana nani atapima kina cha mahaba. Shairi la langoni halivumilii.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwako ni kuuacha mtiririko. Tumia ukaraguni, ambamo kila ubeti una vina vyake. Wapo watakaosema umekwepa kazi, na kuna ukweli kidogo ndani yake, kwani mtiririko ni ufundi mgumu zaidi. Lakini kwenye ukaraguni unaanza na ukweli wa mnyama, unauandika kwa maneno ya kawaida kwenye karatasi, halafu unatazama maneno yapi hayakwepeki ndani ya ukweli huo. Hayo ndiyo yanayochagua vina. Kwa kiboko hayakwepeki "mchana", "majini" na "majani". Bahati ikawa kwamba -na na -ni zilezile zinafaa, ila sasa zimetoka kwake. Ubeti ukawa huu:

*Jua likichoma sana, kiboko yumo majini,*
*Usiku, siyo mchana, hutoka kula majani,*
*Njia yake ukibana, humkwepi asilani,*
*Mgeni, tumepatana: usiku kaa kambini.*

Utazame ulivyopangwa. Mishororo miwili ya kwanza ni maisha ya mnyama, na wa pili unakanusha waziwazi kosa langu la zamani. Wa tatu unaeleza kitakachotokea. Ombi limewekwa mwisho, na likifika halishangazi, kwa kuwa msomaji ameshaona sababu. Shairi nyingi za langoni nilizosoma huweka sifa za wanyama juu na makatazo yote chini: usitupe taka, usipige kelele, usishuke garini. Hapo chini msomaji hafiki, au akifika anaona ni tangazo lililovalishwa vina. Ombi likae ndani ya ubeti wa mnyama anayehusika.

Hilo linaleta uamuzi mwingine, nao ni kibwagizo. Mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti ni mtamu, na watoto wa shule wakifika watauitikia kwa sauti. Lakini ukiuweka, mshororo wa nne wa kila ubeti umekwisha chukuliwa, na ombi la kiboko litakuwa sawa na la duma na la tembo, kitu cha jumla kama "tuwaheshimu wanyama", kisichomwambia mtu afanye nini na miguu yake. Ninapendelea kimalizio kinachobadilika. Ukitaka kibwagizo kwa lazima, ongeza mshororo wa tano ukubali ubao kurefuka.

Mfano wa pili nitaupitia haraka. Duma huwinda zaidi mchana, na mara nyingi wageni wanamwona kazini. Kinachomharibia ni gari linaloingia kati yake na swala ili abiria wapate picha ya uso. Swala anashtuka, anakimbia, na mama mwenye watoto anabaki na njaa. Hapa maneno yaliyong'ang'ania yalikuwa "kusimama" na "kumsaka":

*Duma hawezi nguruma, sauti yake ya paka,*
*Mchana hutoka hima, swala kwenda kumsaka,*
*Gari kati kisimama, windo lake laponyoka,*
*Kaa mbali kutazama, mpishe apate shika.*

Nimetumia inkisari mara tatu: "nguruma" badala ya kunguruma, "kisimama" badala ya likisimama, na "apate shika". Ruhusa ipo, lakini usizidishe hapo. Kwenye ubao wa lango, neno lililokatwa sana humfanya msomaji arudi nyuma, na hana muda wa kurudi. Mshororo wa tatu bado unanikera kidogo. Sijapata bora zaidi.

Kuna neno la mshororo wa kwanza pia. Kwa nini nilisema duma hulia kama paka? Kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mgeni hakulitarajia. Linganisha na "simba mfalme wa msitu", ambalo utaletewa na kila mtu atakayekusaidia. Simba kwa kawaida makao yake ni nyika na vichaka, na sehemu kubwa ya siku amelala chini ya kivuli. Mgeni aliyeahidiwa mfalme kisha akamkuta amelala chali huanza kumpigia makofi aamke. Andika kwamba atamkuta usingizini, na usingizi ule utakuwa sehemu ya alichokuja kuona. Vivyo hivyo usiandike "utaona". Hujui ataona nini, na dereva ndiye atakayesumbuliwa mchana kutwa kutafuta ulichoahidi wewe. Andika "wamo" au "ni kwao".

Halafu kuna maneno ya kujazia mizani: kweli, hakika, jamani, ati, sikia. Mizani mbili zikipungua mkono wenyewe unayafuata. Ninachofanya ni kuyapigia mstari yote kwenye rasimu, kisha kwa kila moja najiuliza kama kuna jambo la mnyama ninaloweza kuliweka pale. Mara nyingi lipo. Kwa tembo nilikuwa na "hakika" lililokaa bure, nikaliondoa nikaweka "masikio" yanayotandazwa pembeni anapokuonya usisogee. Ni mizani nne, ikabidi nivunje kipande kizima nikisuke upya, lakini mgeni akapata ishara atakayoitambua akikutana naye.

Kuhusu tafsiri, kwa kuwa wengi wanaopita hawajui Kiswahili: usimruhusu mtu atafute vina katika lugha ya pili. Atarudia kosa langu la kiboko kwa lugha nyingine, nawe huenda usigundue. Iwe nathari fupi chini ya kila ubeti, na ombi litafsiriwe neno kwa neno. Mpe pia mkuu wa askari asome kabla ya fundi kuandika, akilinganisha kila ombi na sheria za hifadhi ile. "Kaa kambini" halina maana mahali pasipo na kambi, na zipo hifadhi ambazo wageni hutembezwa usiku wakiwa na mwongozaji.

Jambo la mwisho ni la fundi. Mshororo wa mizani kumi na sita ni mrefu, na fundi asiyeambiwa ataupunguza herufi ili uenee. Mwambie aukate kwenye koma, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, juu na utao, kipande cha pili, chini yake umesogezwa ndani kidogo, herufi zibaki kubwa. Ubao wangu wa kwanza haukukatwa. Ulipofika wakati wa kuusahihisha, ule mshororo wa kiboko ulipakwa rangi ya kijani na mpya ukabanwa juu yake, na jua likipiga kwa upande bado unaweza kusoma "hula mchana" chini ya rangi.