Kiatu kimeisha, mteja asiishe

"Nauza viatu mtandaoni. Namba ikiisha naondoa kiatu kabisa, lakini wateja wanaulizia kisha wanapotea. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usikiondoe. Acha ukurasa wake na picha na bei vilevile, kisha uzime namba iliyoisha tu. Kama 39 imekwisha, 38 na 40 ziendelee kununulika. Mteja akigusa 39, pale penye kitufe cha kununua aone: "Namba 39 imeisha. Acha namba yako ya WhatsApp, tukujulishe ikirudi." Usimwombe jina wala anwani, maana kila kisanduku cha ziada kinapunguza wanaojaza. Tarehe ya mzigo itaje ikiwa una hakika nayo. Vinginevyo sema mzigo haujathibitishwa.

Kazi kubwa ipo siku mzigo unapofika, na hapo wengi wanaharibu. Tuseme wanaosubiri namba 39 ni watu 40, umepata jozi 12. Ukiwatumia wote ujumbe kwa mpigo, 28 watafungua na kukuta imeisha tena, na hao hawatajiandikisha mara ya pili. Anza na 15 waliotangulia, subiri hadi kesho yake, kisha endelea na wanaofuata kulingana na kilichobaki. Kiungo kimpeleke moja kwa moja kwenye kiatu kile, 39 ikiwa imeshachaguliwa, na umwambie jozi ni chache.

Akishanunua, mtoe kwenye orodha. Namba ya WhatsApp alikupa kwa kiatu kimoja, kwa hiyo usimtumie matangazo mengine bila ridhaa yake.

Orodha hiyo pia ikuongoze kuagiza: watu 40 wakisubiri namba 39 na wawili namba 42, unajua uongeze ipi.